Mstari mwekundu unaotembea ngozini: kwa nini mnyoo hayupo pale unapokuna

Kwanza hutokea kipele chekundu kwenye unyayo, kati ya vidole vya mguu au kwenye kalio. Kinawasha kuliko kipele cha kawaida, lakini mtu anajiambia kuwa ameumwa na mdudu na anaendelea na shughuli zake. Baada ya siku moja au mbili, au hata wiki nzima, kipele hicho kinatoa mstari mwembamba mwekundu, umeinuka kidogo, upana wake kama milimita 3. Kesho yake mstari umerefuka. Keshokutwa umepinda, umejirudia, umekata kona. Usiku muwasho unazidi mpaka usingizi unakatika. Hapo ndipo mtu anaanza kuogopa, kwa sababu upele unaobadili mahali kila siku hauna maelezo ya kawaida.

Maelezo yapo, na yanatuliza. Huyo ni lava, yaani mnyoo mchanga ambaye hajakomaa, wa minyoo wa safura wa mbwa au paka, aliyeingia kwenye ngozi ya binadamu kutoka mchangani au kwenye udongo. Madaktari huita ugonjwa huu lava migrans wa ngozi. Karibu kila kinachowasumbua watu kuhusu ugonjwa huu, yaani kwa nini krimu hazisaidii, kwa nini kipimo cha choo hakionyeshi kitu, kwa nini kuchokonoa kwa sindano kunaishia kuleta usaha, kinatokana na jambo moja: lava huyu ameingia kwenye mwili usio wake na amekwama kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi.

Tuanzie alikotoka. Mnyoo mzima anaishi kwenye utumbo wa mbwa au paka, na mayai yake hutoka na kinyesi. Yai likiangukia mahali penye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Lava anayetoka bado hawezi kumdhuru mtu. Anakula bakteria wa kwenye udongo na kinyesi, anakua, anajivua ngozi mara mbili. Baada ya kama siku 5 hadi 10 anakuwa lava wa hatua ya tatu, ambaye hali tena chochote. Kazi yake iliyobaki ni kusubiri ngozi. Hali ikimpendeza anaweza kusubiri wiki 3 au 4. Kinyesi kilichomtoa huenda kimeshatawanyika au kusombwa na mvua, na mchanga unaonekana safi kabisa. Ndiyo maana kuangalia kwa macho kama kuna uchafu hakutoshi kujua kama mahali ni salama.

Lava huyo ana urefu wa takriban nusu milimita na ni mwembamba mno, hivyo mguuni huwezi kumwona wala kumhisi akiingia, isipokuwa wakati mwingine mnyeo mdogo wa dakika chache. Hahitaji kidonda. Anapita kwenye vitundu vya vinyweleo, kwenye vitundu vya jasho, au kwenye nyufa ndogo za ngozi. Unyayo ndio unaopatwa zaidi kwa sababu ndio unaokanyaga. Kalio linafuata kwa sababu mtu hukaa chini kwa muda mrefu, mara nyingi akiwa na nguo nyembamba iliyolowa, na mchanga wenye unyevu unabanwa dhidi ya ngozi. Mtoto anayecheza amepiga magoti au amelala kifudifudi anaweza kupata mistari kwenye magoti, mikono au tumbo.

Ndani ya mbwa, safari ingeendelea. Lava angetoboa ngozi hadi ndani, angeingia kwenye damu, angefika mapafuni, angepanda kooni, angemezwa na kukomaa utumbo ukiwa makao yake. Minyoo wa safura wa binadamu hufanya vivyo hivyo ndani yetu: wanawasha kidogo pale walipoingilia, kisha wanazama na ngozi inatulia. Lava wa mbwa na paka anashindwa. Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna utando unaolitenga na tabaka la ndani, na vimeng'enya alivyonavyo havitoshi kuutoboa utando huo kwenye ngozi ya mtu. Kwa hiyo anabaki juu yake, akisonga kwa upande, bila mwelekeo, akitafuta njia ambayo haipo. Mstari unaouona ni njia hiyo ya kutangatanga.

Muwasho na wekundu si kazi ya meno yake. Ni kinga ya mwili inayochelewa kumfikia: inawaka pale alipopita, wakati yeye ameshasogea mbele. Ni kama vumbi la barabarani baada ya gari kupita. Unaona lilikopita, si lilipo. Kwa kawaida lava yuko sentimita 1 hadi 2 mbele ya ncha ya mstari, kwenye ngozi inayoonekana nzima kabisa, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ameelekea upande gani.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu kulijua kunazuia madhara. Nimewaona watu waliokwangua ngozi kwa wembe, waliochoma ncha ya mstari kwa sindano ya moto, waliofunga vitu vikali usiku kucha wakitaka "mdudu atoke". Wote walikuwa wanashughulikia mahali ambapo mdudu hayupo. Hata hospitali zamani zilijaribu kugandisha ncha ya mstari kwa nitrojeni ya maji. Njia hiyo imeachwa na wengi, kwanza kwa sababu inapiga pasipo na lava, pili kwa sababu lava anaweza kuvumilia baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri kwa zaidi ya dakika 5, ambapo ngozi ya mgonjwa yenyewe inatoka malengelenge na kuuma. Kukata kipande cha ngozi kwa ajili ya kipimo nako huwa hakumpati, kwa sababu ileile.

Kipimo cha choo pia hakina msaada hapa. Lava hafiki utumboni, hakomai, hatagi mayai, hivyo choo kitakuwa safi na mgonjwa ataambiwa hana minyoo huku mstari ukizidi kusonga mguuni mwake. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha ongezeko la chembe nyeupe za aina ya eosinofili, lakini kwa wagonjwa wengi hakionyeshi. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa macho na maswali mawili: mstari unasogea kwa kasi gani, na ngozi hiyo iligusa wapi katika wiki chache zilizopita.

Swali la kasi lina uzito, na jibu lake unaweza kulipata nyumbani kwa kalamu ya wino. Weka alama ndogo kwenye ncha ya mstari, andika saa, kisha angalia tena baada ya saa 1 na baada ya saa 24. Lava wa mbwa au paka husogea milimita chache hadi sentimita 2 hivi kwa siku. Kwa hiyo baada ya saa moja utaona hakuna tofauti, na baada ya siku nzima utaona mstari umevuka alama.

Kama baada ya saa moja mstari umeshakwenda sentimita kadhaa, hata 5 au 10, huyo si yule tunayemzungumzia. Huyo ni lava wa mnyoo mwingine anayeitwa strongiloidi, ambaye hupenda kujitokeza kwenye makalio, kiuno na mapaja, hupotea baada ya saa chache, kisha hurudi siku nyingine. Tofauti hii haipaswi kupuuzwa. Strongiloidi ni mnyoo wa binadamu, anazaliana ndani ya mwili na anaweza kukaa humo kwa miongo. Mtu mwenye mnyoo huyo akipewa vidonge vya steroidi, dawa zinazopoza kinga ya mwili, kwa sababu ya mzio, pumu au ugonjwa mwingine, minyoo inaweza kuongezeka ghafla, ikasambaa mwilini na kuua. Hivyo mstari unaokimbia kwa saa kwenye kalio unahitaji daktari na vipimo vyake, na daktari aambiwe waziwazi kasi uliyoipima.

Yapo mengine yanayochanganywa. Choa huenea kwa duara lenye ukingo wenye magamba, na hukua taratibu kwa wiki. Hakina mstari unaokata kona. Upele wa kuambukizana una vijishimo vifupi vya milimita chache, zaidi kati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri, na mara nyingi wengine nyumbani wanajikuna pia. Funza hukaa mahali pamoja, akawa uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati, na anauma kuliko kuwasha. Mzio wa viatu huchukua eneo zima linaloguswa na kiatu. Ukiona mstari mmoja mmoja unaosogea, wenye kuwasha mno, kwa mtu aliyetembea peku au kukaa mchangani, nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kuna umbo moja tu linalowababaisha hata wahudumu wa afya: vipele vingi vidogo, wakati mwingine na vijipu, vilivyojaa kwenye makalio yote mawili, na mistari mifupi sana isiyofika sentimita 1. Hapo lava wengi wameingia kupitia vinyweleo na baadhi wamekwama humo humo. Mgonjwa hupewa antibiotiki mara mbili tatu bila nafuu. Inafaa kutafuta kwa mwanga mzuri. Katikati ya vipele hivyo mara nyingi utakuta kamstari kamoja kaliko­pinda, na hako ndiko kanakofumbua jambo zima.

Sasa tuufuate mfano mmoja toka mwanzo. Chukua mtu mzima wa kilo 60, aliyekaa Jumamosi alasiri kwenye mchanga chini ya miti, juu ya mstari unaofikiwa na maji ya bahari, akiwa na nguo ya kuogelea iliyolowa. Jumapili usiku kalio la kushoto linawasha. Jumanne anaona vipele viwili, na Alhamisi kila kipele kimetoa mstari wa sentimita 2. Anapaka dawa ya fangasi. Ijumaa muwasho ni uleule, anabadili na krimu ya steroidi. Muwasho unapungua kidogo, anafurahi, lakini Jumapili mstari mmoja umeshafika sentimita 5. Krimu ya steroidi ilipoza kinga ya mwili, haikumgusa lava.

Jumapili jioni anaweka alama ya kalamu. Saa moja baadaye hakuna mabadiliko. Jumatatu jioni mstari umepita alama kwa sentimita 1 na nusu. Anakwenda kituo cha afya na kueleza hayo. Dawa ya kwanza kwa hali kama hii ni ivermektini ya kumeza, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu. Kwa kilo 60 hiyo ni miligramu 12, yaani vidonge 4 vya miligramu 3. Jumatano muwasho umepungua sana na usingizi umerudi. Ncha ya mstari haijasogea tena. Wekundu unabaki kwa siku kadhaa, unakuwa kahawia, ngozi inabanduka kidogo, na baada ya wiki moja au mbili kumebaki alama hafifu.

Angalia kinachopimwa katika mfano huu. Dalili ya kupona ni mstari kuacha kurefuka na muwasho kushuka ndani ya siku 1 hadi 3. Mstari wa zamani kuendelea kuonekana si dalili kwamba dawa imeshindwa. Ni mabaki ya uvimbe, na mwili huchukua muda kuyasafisha. Wagonjwa wengi humeza dawa tena na tena kwa sababu hawakuelezwa hilo. Lakini ikiwa baada ya wiki moja hivi ncha inazidi kusonga, au mstari mpya umezuka, dozi ya ivermektini hurudiwa. Wenye ule umbo la vipele vingi vya vinyweleo mara nyingi huhitaji zaidi ya dozi moja.

Dawa ya pili ni albendazoli, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu anajua kuwa albendazoli ni dawa ya minyoo, ananunua kidonge kimoja cha miligramu 400, anameza, na baada ya siku tatu mstari bado unatembea. Kidonge kimoja hufaa kwa minyoo walioko utumboni kwa sababu dawa inawakuta palepale. Huyu wa ngozini anahitaji dawa iingie kwenye damu na ifike tabaka la juu la ngozi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo dozi ya mtu mzima ni miligramu 400 kila siku kwa siku 3 mfululizo, na pale mistari ni mingi daktari anaweza kuiongeza hadi siku 7. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, sehemu kubwa zaidi ya dawa huingia mwilini.

Si kila mtu wa kumezeshwa. Ivermektini kwa kawaida haitolewi kwa mtoto aliye chini ya kilo 15 wala kwa mjamzito. Mjamzito pia haanzi albendazoli kwa uamuzi wake mwenyewe, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Mtu anayeishi au aliyewahi kuishi maeneo ya misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi yenye mnyoo loa, yule anayeweza kuonekana akipita jichoni, anapaswa kumwambia daktari kabla ya kumeza ivermektini, kwa sababu akiwa na loa wengi kwenye damu dawa hiyo inaweza kumdhuru ubongo. Na ivermektini ya mifugo isimezwe wala kudungwa kwa mtu. Nguvu yake imepangwa kwa uzito wa mnyama mkubwa, na kosa dogo la kipimo ni sumu.

Kwa mtoto mdogo, dawa ya kupaka ni njia nzuri. Mfamasia anaweza kusaga vidonge 3 vya albendazoli vya miligramu 400 na kuvichanganya na gramu 12 za vaselini, akapata mafuta ya karibu asilimia 10. Hupakwa mara 3 kwa siku kwa siku kama 10. Tena kumbuka lava alipo: ukipaka juu ya mstari peke yake unapaka njia tupu. Paka hadi sentimita 2 kupita ncha, pande zote za ncha hiyo. Kasoro ya njia hii ni uvumilivu inaoudai, na kwenye unyayo mafuta hufutika mtoto anapotembea, hivyo pafunikwe kwa bendeji nyepesi baada ya kupaka.

Je, ukiacha tu? Lava atakufa. Hana chakula, hana njia ya kukomaa, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki 2 hadi 8, ingawa wapo wachache wanaodumu miezi. Hawezi kuambukiza mtu mwingine kwa kugusana, kulala kitanda kimoja au kutumia taulo moja. Kwa nini basi tutibu? Kwa sababu wiki 8 za kutolala si jambo dogo, na kwa sababu kucha huchana ngozi na bakteria huingia. Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, uvimbe wenye joto na maumivu yanayopanda mguuni, au homa, tatizo si lava tena. Ni maambukizi ya bakteria yanayohitaji antibiotiki haraka, hasa kwa mtoto au mwenye kisukari. Mara chache sana mgonjwa hupata kikohozi kikavu au kubanwa kifua wiki moja au zaidi baada ya mistari kuanza; naye aonwe na daktari.

Wakati wa kusubiri dawa ifanye kazi, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dawa ya kupunguza muwasho inayomezwa usiku, na kucha zilizokatwa fupi vinatosha. Sabuni kali, dawa ya kuulia wadudu, petroli na maji ya betri ni vitu vinavyochoma ngozi na kumwacha lava akiendelea na safari yake sentimita moja pembeni.

Kuhusu kujikinga, kinachomuua lava ni ukavu na jua kali, na kinachompa uhai ni kivuli na unyevu. Ufukweni, mchanga unaooshwa na maji kila siku una hatari ndogo kuliko ule wa juu, wenye kivuli, ambao mawimbi hayaufikii na mbwa na paka huuzoea. Viatu vinakinga unyayo vizuri. Kwa kukaa, kiti au kitu kigumu kisichopitisha unyevu ni bora kuliko taulo jembamba, na nguo isianikwe wala kutupwa chini mahali hapo. Sanduku la mchanga la watoto lifunikwe kila linapokuwa halitumiki, kwa sababu paka hulichagua kwa hiari yake; mfuniko uruhusu mchanga ukauke, na mchanga uliokwisha kuchafuliwa ubadilishwe wote badala ya kuchota kinyesi kinachoonekana tu. Mbwa na paka wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa huanza mapema, wakiwa na umri wa wiki 2, kwa kuwa baadhi ya minyoo hawa huwafikia kupitia maziwa ya mama yao kabla hata hawajaanza kutembea nje.